Pesa zimekwenda wapi? Pale mstari wa LM unapolala

Alhamisi iliyopita jioni, katika chumba cha ghorofani kule Mwembe Tayari ninakofundisha tuisheni ya uchumi, binti mmoja wa Kisauni aliniletea mchoro wake niusahihishe. Alikuwa ameuchora vizuri. Pato liko kwenye mhimili wa chini, riba kwenye mhimili wa wima. Mstari wa IS, unaoonyesha jinsi uwekezaji na pato vinavyokua riba ikishuka, unashuka kutoka kushoto, mstari wa LM, unaoonyesha riba inayowafanya watu waridhike na fedha zilizopo, umelala chini kabisa kisha unainuka kuelekea kulia, na mistari hiyo miwili inakutana pale LM ilipolala. Ameongeza fedha, LM imesogea kulia, makutano yamebaki palepale. Kasoro ilikuwa kwenye maelezo. Chini ya mchoro ameandika: "Pesa hazikusaidia kwa sababu benki ziliogopa kukopesha."

Nikapiga mstari mwekundu. Hakufurahi.

"Basi mwalimu, zimekwenda wapi? Benki Kuu ya kwenye swali imetoa bilioni 30. Haziwezi kuyeyuka kama barafu ya muuza samaki."

Nimekuwa nikilifikiria swali lake tangu siku ile, kwa sababu vitabu vingi vya darasani hulipita mbio. Huchora mstari uliolala, husema "sera ya fedha haina nguvu hapa", kisha hufungua ukurasa mwingine. Lakini anayeweza kueleza zile bilioni 30 zimelala wapi, na kwa nini aliyenazo ameridhika nazo, ameshauelewa mtego wa ukwasi, yaani hali ambayo kuongeza fedha hakushushi tena riba. Anayekariri umbo la mchoro bila jibu hilo bado yuko nje.

Tuanze na maana ya fedha katika mchoro huu. Fedha ni kile unachoweza kulipia papo hapo na ambacho hakikuzalii riba: noti mfukoni, salio la M-Pesa. Upande wa pili kuna hatifungani, yaani karatasi ya deni inayolipa riba lakini huwezi kuipeleka Marikiti ukanunulia iliki. John Hicks, aliyechora mchoro huu mwaka 1937 ili kuyaweka sawa mawazo ya Keynes ya mwaka mmoja kabla, alimpa mwenye akiba sehemu hizo mbili tu za kuiweka. Hakuna nyumba, hakuna dhahabu, hakuna ng'ombe. Ni urahisishaji mkubwa, ila hapa unatufaa.

Serikali ya Kenya ilipoanza kuuza hatifungani ya M-Akiba kwa simu mwaka 2017, kiwango cha chini kilikuwa shilingi 3,000 na riba asilimia 10 kwa mwaka. Mtu mwenye 3,000 kwenye simu alikuwa na hesabu nyepesi: akiziacha kwenye M-Pesa hapati kitu, akizihamisha anapata 300 kwa mwaka. Hizo 300 ndizo gharama ya kushika pesa taslimu, na ndizo zinazomfanya mtu abaki na pesa za matumizi tu na nyingine azifungie. Sasa chukulia riba ingekuwa asilimia 0.1. Mwaka mzima angepata shilingi 3. Nani atahangaika kubonyeza menyu kwa shilingi 3, ilhali kesho mtoto anaweza kuugua akazihitaji zote?

Na hapo hatujagusa hatari ya bei. Chukua hatifungani isiyo na mwisho, inayolipa shilingi 100 kila mwaka milele. Riba sokoni ikiwa asilimia 10, karatasi hiyo inauzwa 1,000. Riba ikiwa asilimia 1, inauzwa 10,000, kwa kuwa mia moja ni asilimia moja ya elfu kumi. Uliyenunua kwa 1,000 unaweza kuvumilia riba ipande kutoka asilimia 10 hadi karibu 11 kabla hasara ya bei haijala ile mia yako ya mwaka. Uliyenunua kwa 10,000 huna nafasi hiyo. Riba ikipanda kutoka asilimia 1 hadi 1.01 tu, bei inashuka hadi takriban 9,901 na mia yako imekwisha. Ikifika asilimia 2 umepoteza 5,000. Kwa hiyo riba inapokuwa chini sana, kushika hatifungani kunalipa kidogo mno na kunatisha sana, na kila mtu anaona heri pesa taslimu. Chini ya sifuri riba haiendi, au inakwenda kidogo tu, kwa sababu noti iliyofungiwa sandukuni inalipa sifuri kamili. Benki Kuu ya Uswisi iliwahi kushusha riba yake hadi asilimia 0.75 chini ya sifuri mwaka 2015, na hilo liliwezekana kwa kuwa kuhifadhi milima ya noti nako kuna gharama zake. Sakafu ipo, ingawa imezama kidogo.

Sasa LM yenyewe. Fedha zilizopo katika uchumi zina kazi mbili: sehemu inazunguka kwenye biashara, sehemu imekaa tu mikononi mwa wenye akiba. Pato likikua, biashara zinahitaji fedha zaidi za kuzungushia. Kama Benki Kuu haijaongeza, fedha hizo zitatoka wapi? Kwa wenye akiba waliozikalia. Ili wazitoe na kushika hatifungani badala yake, lazima riba ipande, iwabembeleze. Ndiyo maana kwa kawaida LM inapanda: pato kubwa zaidi, riba kubwa zaidi.

Riba ikiwa sakafuni, hadithi inageuka. Mwenye akiba anashika rundo la fedha si kwa sababu anazipenda kuliko hatifungani, bali kwa sababu kwake vitu hivyo viwili sasa ni kimoja. Biashara zikihitaji fedha zaidi, atazitoa bila kubembelezwa, na riba haina sababu ya kupanda. Pato linaweza kukua hatua kadhaa huku riba imetulia palepale. Huo ndio ulalo wa LM. Umbo la mchoro linatokana na moyo wa mtu asiyejali tena ameshika kipi.

Nikamwandikia binti uchumi mdogo, wa kubuni, kwa mabilioni ya shilingi. Y ni pato, i ni riba kwa asilimia, M ni fedha.

```
Matumizi  = 100 + 0.5Y
Uwekezaji = 200 - 10i
Serikali  = 200
IS:  Y = 1000 - 20i
LM:  M = 0.25Y + 100 - 10i   (i > 0)
```

Fedha zikiwa 200, mistari inakutana kwenye pato la 800 na riba ya asilimia 10. Tuseme 800 ndilo pato linalowapa watu wote kazi. Kisha inakuja dhoruba, wawekezaji wanakata tamaa, na uwekezaji unapungua kwa 120 kwa kila kiwango cha riba. IS inahamia kushoto, inakuwa Y = 760 - 20i. Benki Kuu isipofanya lolote, pato linaanguka hadi 640 na riba inashuka hadi asilimia 6.

Benki Kuu inaingia sokoni. Haimwagi noti kutoka kwenye ndege. Inanunua hatifungani kutoka kwa wenye nazo na kuwalipa fedha mpya. Hatua hii ndiyo kiini cha yote, kwa hiyo tuitazame kwa karibu. Kila inaponunua, inamwachia mtu fedha nyingi kuliko alizotaka kushika kwa riba ya sasa. Anazifanya nini? Anajaribu kununua hatifungani nyingine, na wenzake vilevile, bei ya hatifungani inapanda, na bei ikipanda riba imeshuka. Riba inashuka mpaka watu waridhike na fedha walizo nazo. Riba ndogo inavuta uwekezaji, uwekezaji unavuta pato.

Inaongeza 30, fedha zinakuwa 230: pato 680, riba 4. Inaongeza 30 nyingine, 260: pato 720, riba 2. Nyingine tena, 290: pato 760, riba sifuri. Kila bilioni 30 imeleta bilioni 40 za pato, kama saa. Imebaki hatua moja tu kufika 800.

Inaongeza 30 nyingine, fedha zinakuwa 320. Ukizifuata fomula kwa upofu utapata pato 800 na riba ya asilimia 2 chini ya sifuri, na wanafunzi kadhaa huandika hivyo kila mwaka. Lakini kumbuka sanduku la noti. Hakuna atakayekubali kulipa ili akopeshe wakati sanduku halimtozi. Riba inabaki sifuri, uwekezaji unabaki 80, pato linabaki 760.

Sasa mtafute aliyeuza hatifungani mara hii ya mwisho. Alikuwa na karatasi isiyomlipa kitu, ameuza, amepata noti zisizomlipa kitu. Hana haraka ya kununua hatifungani nyingine, kwani ndiyo kwanza ametoka kuuza moja na haoni tofauti. Bei ya hatifungani haipandi, riba haishuki, mwekezaji hasikii habari yoyote mpya. Mnyororo ule umekatika kwenye pingili ya kwanza kabisa.

"Hesabu fedha," nikamwambia binti. Pato likiwa 760, biashara zinahitaji robo yake, 190, kabla na baada ya hatua ya mwisho. Fedha zilizokaliwa zilikuwa 100. Sasa 320 ukitoa 190 ni 130. Zimeongezeka 30 kamili, shilingi kwa shilingi. Hazikuyeyuka. Zimekaa mikononi mwa wale wale waliouza hatifungani, nao wameridhika.

Kwenye mchoro ukiangalia vizuri LM imesogea kweli, na hilo huwachanganya wengi. Fedha zikiwa 290, sehemu iliyolala inaishia kwenye pato la 760. Zikiwa 320, inaishia kwenye 880. Mstari umerefuka upande wa kulia, haukushuka, na IS inaukata palepale kwenye 760. Ni kama kurefusha zulia kwenye upande wa chumba ambao hakuna aliyekaa.

Turudi kwenye zile benki zilizoogopa kukopesha. Kwa nini nilipiga mstari mwekundu, ilhali benki kweli huogopa nyakati mbaya? Kwa sababu hilo ni gonjwa jingine lenye homa inayofanana. Kuna njia angalau tatu ambazo fedha zaidi zinaweza kushindwa kuinua pato, na dawa zake hazifanani. Ya kwanza ni mtego wenyewe: riba haishuki kabisa. Ya pili, riba inashuka lakini hakuna anayewekeza, yaani IS imesimama kama mnazi. Ya tatu, riba ya serikali inashuka lakini ile anayotozwa mfanyabiashara haishuki, kwa kuwa benki inamwona ana hatari. Ukitaka kuzitofautisha, usianze na pato. Tazama riba kwanza: je, ilisogea? Na riba ipi?

Mwaka 2020 hapa Mombasa unafaa kupimwa kwa kipimo hicho. Hoteli za Nyali na Bamburi zilikaa bila wageni. Machi mwaka huo Benki Kuu ya Kenya ilipunguza akiba ambayo benki hulazimika kuweka kwake kutoka asilimia 5.25 hadi 4.25, ikafungulia bilioni 35.2, na Aprili ikashusha riba yake hadi asilimia 7. Nilisikia watu wakiuita huo mtego wa ukwasi. Sikubaliani. Asilimia 7 iko mbali na sakafu, na Benki Kuu ilikuwa na nafasi kubwa ya kushuka zaidi. Shida ilikuwa IS kuhama na kusimama wima: mwenye hoteli asiye na mgeni hata mmoja hakopi ili aongeze vyumba, umwambie asilimia 7 au umwambie 3.

Mara moja tu tulilikaribia jambo lenyewe. Katika mwaka 2003 riba ya bili za hazina za siku 91, yaani mikopo ya muda mfupi ambayo serikali huchukua, iliporomoka hadi chini ya asilimia 1. Kwa benki iliyokuwa na fedha, kununua bili hizo au kukaa na fedha kulikuwa karibu sawa. Hata hivyo mikopo ya wafanyabiashara ilikuwa bado kwa asilimia za tarakimu mbili na bei za bidhaa zilikuwa zikipanda, na mwaka uliofuata riba ya bili ikaanza kupanda tena. Soko moja lilikanyaga sakafu, uchumi mzima haukukaa hapo.

Kisa kamili ni cha Japani. Benki Kuu yao iliishusha riba ya usiku mmoja, ile ambayo benki hutozana zikikopeshana hadi kesho yake, hadi karibu sifuri Februari 1999. Machi 2001, ilipoona riba haina tena pa kwenda, iliacha kulenga riba ikalenga wingi wa fedha ambazo benki zimeweka kwake. Ilianza na lengo la yeni trilioni 5, ikapandisha na kupandisha, hadi Januari 2004 lengo likawa kati ya trilioni 30 na 35. Mara sita na zaidi. Katika miaka hiyo bei za bidhaa ziliendelea kudidimia kidogo kidogo, na mikopo ya benki kwa jumla ilipungua. Trilioni zile zilikaa kwenye akaunti za benki ndani ya Benki Kuu yenyewe, kama bilioni 30 za binti wa Kisauni. Benki za Japani zilikuwa pia na mikopo mibovu mingi, kwa hiyo mtego ule ulikuja pamoja na gonjwa la tatu, na wachumi bado wanabishana kila moja lilichangia kiasi gani.

Kutoka mtegoni kuna milango miwili inayoonekana ndani ya uchumi wetu mdogo. Mmoja ni serikali kutumia. Fedha zikiwa 320 na riba sifuri, serikali ikiongeza matumizi kwa 20, pato linapanda kwa 40 na kufika 800 kamili. Katika hali ya mwanzo, riba ikiwa asilimia 10, hizo 20 zingeleta karibu 27 tu, kwa kuwa pato likikua riba nayo inapanda na kuwafukuza baadhi ya wawekezaji. Ulalo ule ule unaoinyima nguvu sera ya fedha unaipa bajeti nguvu yake yote. Binti alipoona hilo akasema mjomba wake, anayeuza viungo Marikiti, husema serikali ichapishe noti izigawe tu. Nikamwambia mjomba hayuko mbali sana, ila huko ni kutumia bajeti kwa kulipia na noti. Kinachoinua pato hapo ni kugawa. Kubadilishana hatifungani na noti kusingemfikia hata muuza viungo mmoja.

Mlango wa pili ni mgumu zaidi. Mwekezaji hatazami riba iliyoandikwa pekee, anaipima dhidi ya bei anazotarajia. Uchumi wetu ulihitaji riba ya asilimia 2 chini ya sifuri. Watu wakiamini kwamba bei zitapanda asilimia 2 kwa mwaka, riba ya sifuri iliyoandikwa inakuwa sawa na hiyo hasa, na pato linafika 800 bila serikali kuongeza senti. Paul Krugman aliieleza hoja hii mwaka 1998 akiitazama Japani: fedha za leo hazifanyi kitu ikiwa kila mtu anajua zitarudishwa hali ikitengemaa. Zinafanya kazi pale tu watu wanapoamini zitabaki. Benki kuu iliyojijengea jina kwa kuzima mfumuko wa bei ina kazi ya kuwaaminisha watu kwamba safari hii itauachia.

Japani walijaribu. Januari 2013 walitangaza lengo la asilimia 2, na Aprili wakaahidi kuzidisha fedha za msingi, yaani noti pamoja na fedha ambazo benki zimeweka Benki Kuu, mara mbili katika miaka miwili. Fedha ziliongezeka karibu mara mbili kama walivyosema. Bei, ukitoa athari ya kodi ya mauzo iliyopandishwa Aprili 2014, zilipanda kidogo, kisha kufikia majira ya kuchipua ya 2015 kasi yake ilikuwa imerudi karibu na sifuri.

Binti alifuta sentensi yake ya benki waoga na kuandika nyingine: "Waliouza hatifungani walizikalia pesa, kwa sababu hawakuona tofauti." Nikampa alama zote. Kisha akauliza wale Wajapani wangeaminishwaje, na saa ya gari la mwisho la matatu kwenda Kisauni ilikuwa imeshapita.